Waya Hukatika Wapi?

Leo tuning'inize waya wa chuma laini darini, wenye urefu wa meta 2 na kipenyo cha milimita 1, kisha tuufungie mzigo wa kilo 10.

Mzigo huo unavuta kwa nguvu ya nyutoni 98 hivi. Ukigawanya nguvu hiyo kwa eneo la kikato cha waya, ambalo halifiki hata milimita moja ya mraba, unapata mkazo: takribani nyutoni 125 kwa kila milimita ya mraba. Waya nao unarefuka kidogo, kama milimita moja na robo. Gawanya urefu huo ulioongezeka kwa urefu wa awali, upate mnyumbuko. Waya wa meta 4 ungerefuka mara mbili, lakini mnyumbuko ungebaki uleule.

Chuma hiki huanza kurefuka bila kurudi mkazo ukifika kama 250, na hukatika karibu na 400. Kwa hiyo waya wetu uko salama.

Sasa tuseme kutu imekula sehemu moja tu, na kipenyo hapo kimebaki nusu milimita. Eneo hapo limekuwa robo, na mkazo umepanda hadi 500. Waya unakatika papo hapo, ingawa mzigo ni kilo 10 zilezile na sehemu nyingine zote ni nzima.

Basi ukikagua waya unaobeba mzigo, tafuta mahali palipokonda zaidi. Ukipaona, badilisha waya wote.