Ada Ndogo, Miaka 30: Zinakokwenda Fedha za Mwenye Vipande

Mwekezaji anayenunua vipande vya mfuko wa pamoja hapokei ankara ya ada. Meneja hukokotoa thamani ya mali za mfuko, hutoa gharama, kisha hugawa kinachobaki kwa idadi ya vipande. Kwa hiyo bei inayotangazwa imeshakatwa. Mfuko ambao gharama zake ni asilimia 2.5 ya mali kwa mwaka humkata mwenye shilingi milioni 10 takribani shilingi 685 kwa siku, na hakuna ujumbe wa simu unaomjulisha.

Shilingi 685 hazimshtui mtu. Hatari yake iko hapo.

Tuseme ameweka milioni 10 mara moja, na mali za mfuko zinakua kwa asilimia 10 kila mwaka kabla ya ada. Baada ya miaka 10, bila makato angekuwa na milioni 25.9, kwa makato ya asilimia 2.5 anazo milioni 20.6. Pengo hilo linavumilika. Mwaka wa 20 limefika karibu milioni 25. Mwaka wa 30, milioni 174.5 zimegeuka milioni 87.5: nusu nzima imeondoka, kwa sababu kila shilingi iliyokatwa huondoka pamoja na faida ambayo ingezaa miaka yote iliyobaki. Katika mfuko wa ada ya asilimia 0.5, mtu huyohuyo angemaliza na milioni 152.

Marekani jambo hili lilionekana hadharani. Katika dau lililoanza kuhesabiwa mwaka 2008, mwekezaji Warren Buffett alishikilia kwamba mfuko wa bei nafuu unaofuata faharasa ya hisa 500 ungeshinda kapu la mifuko mitano iliyowekeza katika mifuko mingine, ambako ada hutozwa katika ngazi mbili. Hadi mwisho wa 2017 mfuko wa faharasa ulikuwa umepanda asilimia 125.8, uliofanya vizuri zaidi kati ya mitano, asilimia 87.7. Ada hazikuwa sababu pekee, kwani mifuko hiyo haikushika hisa tupu, lakini mzigo wake ulikuwa mkubwa.

Tena uwiano wa gharama unaotangazwa kwa kawaida hausemi yote. Malipo ya madalali kila meneja anaponunua na kuuza hisa hukaa nje yake, na vilevile tozo ya kuingia au kutoka. Meneja anayegeuza hisa mara kwa mara anaweza kuonekana nafuu kwenye kipeperushi huku akimla mteja pembeni.

Dawa ni hesabu zilizokaguliwa. Jumla ya gharama za mwaka igawanywe kwa wastani wa mali: bilioni 1.25 kwa bilioni 50 ni asilimia 2.5. Kisha yatafutwe maelezo ya gharama za udalali. Mwenye vipande ana haki ya kuomba hesabu hizo, na aziombe kabla ya kuongeza shilingi nyingine.