Kaye ya Kimia Iliyolowa: Namna Tulivyoipanga Sura kwa Sura

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wetu wa Lubumbashi)

 Mlituomba tueleze ile kazi tunafanya na vijana siku ya Posho, juu wengine wanauliza: karatasi na biki nyekundu tunazonunua zinaenda wapi? Tutaeleza kwa kaye moja tu.

Ni kaye ya kimia ya binti mmoja wa mwaka wa sita, sehemu ya bioloji na kimia. Familia yake ilikimbilia Zambia, ikakaa Mantapala kule Nchelenge, kisha ikarudi. Kule alisoma kwa Kingereza, huku anasoma kwa Kifaransa. Mtihani wa serikali alikuwa ameuanguka mara moja, na mama yake alituambia wazi kwamba franka za mara ya tatu hazitapatikana. Kaye ilikuwa na kurasa 86. Mvua iliilowesha, tarehe hakuna, mazoezi yamewekwa katikati ya masomo, na pembeni kuna maneno ya Kingereza.

Yeye alitaka kuiandika upya yote, safi, kwa biki ya rangi. Tulimkatalia. Tumeona vijana wengi wanapoteza wiki tatu namna hiyo: mkono unaandika, kichwa kimelala, na kosa lililokuwa katika kaye chafu linahamia katika kaye safi. Mpango wa kurudilia masomo ni kitu kingine. Ni karatasi inayokuonyesha sura gani ziko, nini iko ndani ya kila moja, iko ukurasa gani, na wapi kuna shimo. Kaye ya zamani inabaki, haichanwi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutia namba kwenye kila ukurasa, 1 mpaka 86, hata ile iliyochafuka. Kisha akapita haraka, na kwa kila ukurasa akaandika mustari mmoja pembeni, kwa karatasi ingine: “uk. 23, namna ya kupata konsantrasyo”, “uk. 24, zoezi, halikuisha”. Hapo hakuna kusoma kwa undani. Ilichukua asubuhi moja.

Ile mistari ndiyo tulikata kwa makasi, tukaitandika juu ya meza, tukaanza kukusanya zile zinazofanana. Na hapo ndipo shida yake ya kweli ilionekana. Alikuwa na kichwa “Azoti” na mbali kidogo kichwa “Nitrojeni”, kama vile ni vitu viwili. Ni kitu kimoja: Kifaransa kinasema azoti, Kingereza nitrojeni, alama ni N. Tena kulikuwa na kurasa nne zenye N nyingine, akaziweka nazo kwa azoti. Lakini hiyo N ilikuwa ya normalite, ile hesabu ya ekivalenti katika litre moja. Na n ndogo ni hesabu ya moli. Herufi moja, mambo matatu! Mwaka mzima alikuwa anachanganya, na hakuna mutu aliyeona, juu kila ukurasa peke yake ulionekana sawa. Makosa ya namna hii yanatoka tu wakati unaweka kurasa za mbali pamoja.

Kisha majina ya sura. Hatukuyabuni, tuliomba kaye ya mwanafunzi mwenzake anayekaa karibu na tablo, tukatazama mupangilio wa mwalimu. Zilitoka sura saba. Kila sura ilipata karatasi moja, mbele na nyuma, siyo zaidi. Ikipita hapo, ujue umeanza kunakili tena. Chini ya kila kichwa kidogo tunaweka vitu vitatu: kitu chenyewe ni nini, kwa maneno yako, fomula au sheria yake, na zoezi moja lililoisha, pamoja na namba ya ukurasa.

Zoezi ndilo linapima fomula. Katika kaye yake, ukurasa 23, iliandikwa C = n × V. Tulimwambia asisahihishe bado, ajaribu kwanza. Gramu 4 za NaOH katika mililitre 500 za solisyo. Moli moja ya NaOH ni gramu 40, basi n = 4/40 = 0,1 moli. Litre ni 0,5. Kwa fomula yake anapata 0,05, na kipimo kinakuwa moli mara litre, kitu kisichokuwepo. Konsantrasyo ni moli kwa litre, kwa hiyo lazima ugawanye: C = n/V = 0,1/0,5 = 0,2. Mustari wa kugawanya ulikuwa umefutika kwa maji, naye akaweka alama ya kuzidisha. Kutoka hapo akaelewa pia kwamba H2SO4 ya 0,1 moli kwa litre ina normalite 0,2, juu kila moli ya asidi hiyo inatoa H+ mbili.

Sasa kupanga nini inatangulia. Vijana wengi wanapima kwa unene: sura yenye kurasa mingi ndiyo kubwa. Kwake historia ya atomu ilichukua kurasa 14, juu mwalimu aliisema polepole na yeye aliandika yote. Tulichukua itemu za miaka minne iliyopita, zile fotokopi, na kwa kila itemu akatia kistari pembeni ya kichwa kinachohusika. Konsantrasyo na normalite zilipata vistari tisa. Elektrolizi vinne. Historia ya atomu, hata kimoja.

Lakini vistari havitoshi. Alifunika karatasi, akaacha vichwa tu, akajaribu kusema yaliyo chini yake bila kuangalia. Pale alipokwama, alitia nukta nyekundu. Kichwa chenye vistari vingi na nukta kikaandikwa A. Chenye vistari vingi bila nukta, au nukta bila vistari vingi, ni B. Kingine ni C. Elektrolizi ilikuwa na vistari, lakini aliisema yote bila kukwama: mjomba wake alifanya kazi Shituru, Likasi, kule shaba inatolewa kwa umeme, na alimweleza tangu utoto. Ikawa B. Normalite ikawa A, mbele ya yote.

Tuseme ukweli: miaka minne ni kidogo, na C haimaanishi kutupa. Inasomwa mwisho, mara moja.

Kulikuwa pia na mashimo. Kati ya ukurasa 51 na 52 somo linaruka. Ilikuwa siku alizobaki nyumbani na malaria. Katika mpango tuliandika kichwa chake na kuacha nafasi wazi, tukazungusha kwa nyekundu. Nafasi wazi inaonekana vizuri kuliko kurasa ambazo hazipo. Alijaza kutoka kaye ya mwenzake, siku mbili.

Kazi yote ilikula siku tatu za Posho na jioni kidogo. Karatasi kumi na tano, biki mbili, fotokopi za itemu. Wafadhili, ndiyo hesabu yenyewe kwa mtoto mmoja na somo moja. Fotokopi ndizo zinakula pesa.

Binti ataingia mtihani mwaka huu. Bado ana nukta tatu nyekundu, mbili katika oksidasyo.

Posho ijayo tunaanza na kaye za bioloji, saa mbili asubuhi. Wazazi, tafadhali, watoto waje na kurasa zimeshatiwa namba, na msiwaruhusu kuchana hata moja.