Pampu Yetu ya Sola: Kilichoiunguza na Tulichokibadilisha
(Maelezo ya kamati ya maji kwa wanachama)



Wengi wenu mmetuuliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini pampu mliyoichangia iliungua kabla ya kumaliza mwaka, na kwa nini bustani za nyumbani zilikauka katikati ya msimu wa nyanya. Tumeona ni heri tulieleze jambo lenyewe kuliko kusoma mahesabu peke yake.

Kisima chetu kilipopimwa kilitoa lita 1,800 kwa saa. Pampu iliyonunuliwa, jua likiwa kali saa sita mchana, huvuta lita 3,000. Asubuhi na jioni hapakuwa na tatizo, maana jua likiwa dogo pampu nayo huenda polepole. Mchana ilikuwa inavuta lita 1,200 kwa saa zaidi ya zile ambazo kisima kinaingiza, yaani lita 20 kila dakika. Bomba la kisima ni la inchi 6, na mita moja ya bomba hilo hubeba kama lita 18 tu. Kwa hiyo maji yakishashuka karibu na pampu, yanaendelea kushuka zaidi ya mita moja kila dakika. Pampu ya aina yetu ina skrubu ya chuma inayozunguka ndani ya mpira, na maji ndiyo yanayoupoza na kuulainisha mpira huo. Ikizunguka bila maji, mpira huungua kwa muda mfupi sana.

Mtauliza, je, haikuwa na kinga? Sensa ya maji ilikuja ndani ya boksi, na tuliikuta bado kwenye mfuko wake. Kwenye kontrola, mahali pa nyaya za sensa, aliyefunga mtambo alikuwa ameunganisha kipande cha waya. Kipande hicho huiambia kontrola kwamba maji yapo, hata kisima kikiwa kikavu. Na sisi kamati tulipokea kazi bila kufungua kifuniko tukatazama. Kosa hilo ni letu.

Safari hii tulianza na spidi. Kontrola ina kitufe cha kuzungusha kinachoweka kikomo cha mzunguko wa pampu. Tukakaa pale saa sita mchana na ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi, tukapunguza mpaka ndoo ikajaa kwa sekunde 45, ambayo ni lita 1,600 kwa saa. Sensa ni mlinzi, lakini mlinzi anayeamshwa kila siku ipo siku atalala. Bora pampu isifike huko.

Kisha sensa ikafungwa kwenye bomba, mita 2 juu ya pampu. Maji yakishuka chini yake, pampu husimama, na hairudi mpaka maji yapande tena na kontrola ihesabu dakika zake za kusubiri. Bila kusubiri huko ingewaka na kuzima mchana kutwa. Kila mwezi mlinzi wa mtambo huchomoa waya mmoja wa sensa: taa ya maji kupungua lazima iwake na pampu isimame. Hilo hupima nyaya na kontrola tu. Sensa yenyewe huweza kuganda kwa tope, na hiyo hukaguliwa pampu inapotolewa kisimani.

Kwenye tanki, mita 400 kutoka kisimani, kuna swichi ya boya. Fundi alitaka kamba ya boya iwe fupi. Tukamwomba airefushe, ili pampu izime tanki likijaa na isiwake tena mpaka maji yashuke kama nusu mita. Nyaya zake zimeunganishwa ili zikikatika pampu isimame. Kina mama wamelalamika, kwa kuwa jembe lilishakata waya mara mbili na wakakosa maji siku nzima. Lakini ingekuwa kinyume, pampu ingeendelea kumwaga maji juu ya tanki lililojaa, tena bila mtu kujua.

Saa ya kujiendesha hatukuiweka kwenye pampu, maana jua ndilo saa yake. Tumeiweka kwenye vali ya kutoka tanki kwenda mashambani, hufunguka saa 12 asubuhi na saa 11 jioni, jua likiwa halijakausha udongo. Ina betri yake ndogo, nayo betri ikichoka majira hupotea.

Mchango wa mwaka huu tunaouomba ni kwa vitu vitatu: bomba la plastiki la kuficha ule waya wa mita 400 chini ya ardhi, sensa moja ya akiba, na malipo ya fundi wa kutoa pampu kisimani kwa ukaguzi kabla ya kiangazi. Safari hii kamati itasaini kupokea kazi baada ya kuchomoa waya wa sensa mbele ya fundi na kuiona pampu ikisimama.