Kwa nini ukuta wetu utakuwa na rangi mbili

Hotuba ya mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Masisi

Wazee, wamama, vijana, wenyeji wa mtaa huu na ndugu zetu mliokimbia kutoka Walikale, mmeuliza kwa nini kamati imekataa rangi ambazo wengi walizitaka. Nawaeleza.

Wengine waliomba bluu. Bluu ni rangi ya bendera yetu iliyowekwa mwaka 2006, na pia ni rangi ya kofia za walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Mtu aliye mbali na bunduki mkononi angeweza kudhani hapa ni ofisi au kambi. Katika parsele hii wanalala watoto, kwa hiyo ukuta wake usifanane na jengo la mkubwa yeyote.

Wengine waliomba nyekundu kali juu ya nyeupe. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe ni alama inayolindwa na sheria ya vita, na hatutaki kuiga hata kidogo. Tena, mahali penye mabomu ya kutegwa, jiwe jekundu huonyesha hatari na jiwe jeupe huonyesha palipokwisha kusafishwa. Watoto waliofundishwa hivyo wasichanganyikiwe nyumbani kwao.

Rangi za vyama, hizo hatukuzijadili kabisa.

Kwa hiyo tumechagua rangi ya udongo. Sehemu ya chini, sentimita 60 kutoka ardhini, itakuwa ya udongo mwekundu, kwa sababu mvua ya hapa hurusha matope mpaka hapo. Sehemu ya juu itakuwa ya chokaa iliyochanganywa na udongo wa njano, ili moshi wa majiko usionekane upesi. Matope yakizidi, tutapaka upya ile ya chini tu, na gharama itakuwa ndogo.

Rangi ya mafuta tumeikataa. Ukuta huu hunyonya maji kutoka chini. Rangi ya mafuta huyafungia ndani, kisha huvimba na kubanduka. Chokaa huacha ukuta upumue.

Kazi ni hii: tupige ukuta brashi, tuumwagie maji, kisha tupake mara tatu, nyembamba, kila mara tukingoja ikauke. Ikiwa bado mbichi haifuniki, msiogope wala msiongeze. Ikipakwa nzito hupasuka. Udongo usizidi kilo moja kwa kilo kumi za chokaa. Ukizidi, rangi hushika nguo ya anayeegemea, na hapo mtajua mlikosea kipimo. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo watoto wakae mbali na ndoo.

Udongo mwekundu utaletwa na wenyeji, na wa njano na wageni wetu. Kila ndoo itachanganywa na watu wawili, mmoja wa kila upande. Hivyo hakuna atakayesema kesho kwamba ukuta ni wa upande mmoja.

Salongo ni Jumamosi, mvua isiponyesha.