Shilingi Hamsini na Umri wa Hamsini

Msikilizaji, mama mboga, mwendesha bodaboda na fundi wa jua kali hapa Kenya hawana mwajiri wa kuwakata akiba ya uzeeni. Wanajipangia wenyewe, na katika kupanga huko umri wa kuanza una uzito mkubwa mno. Chukua shilingi 50 kwa siku, siku 26 za kazi kila mwezi, na tuseme akiba inakua kwa asilimia 3 kwa mwaka zaidi ya mfumuko wa bei. Anayeanza akiwa na miaka 25 atafika 60 na takriban shilingi 940,000 kwa thamani ya leo, mradi aiongeze ile hamsini kila bei zinapopanda. Fedha hizo, zikiendelea kukua vivyo hivyo, zinaweza kumpa zaidi ya 5,000 kwa mwezi kwa miaka 20. Anayeanza akiwa na miaka 40 atalazimika kuweka zaidi ya 110 kwa siku ili afikie kiasi hicho hicho, na wa miaka 50 zaidi ya 260.

Wapo watakaosema kijana wa bodaboda hawezi kufungia fedha miaka 35, ilhali pikipiki ikiharibika kesho hana kazi. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu akiba nyingi huvunjwa mapema. Lakini dawa yake ni kutenganisha mifuko. Chama kibaki cha dharura na vifaa vya kazi, na fedha ya uzeeni ikae pasipofikika kwa urahisi. Mpango wa Haba Haba wa NSSF, ulioanzishwa mwaka 2019, ulizingatia hofu hiyo: kiwango cha chini kiliwekwa shilingi 25 kwa siku, na baada ya miaka mitano mwanachama anaruhusiwa kuchukua nusu ya michango yake. Wengine husema watoto ndio pensheni. Watoto hao nao wengi wako kwenye vibarua, na wana watoto wao wa kulisha.

Aliyefika miaka 50 bila akiba nisimdanganye: hawezi kumfikia aliyeanza akiwa na miaka 25. Kwake yeye cha kubadilisha ni mwaka wa kustaafu. Akiweka shilingi 100 kwa siku hadi afike 65, kisha atumie kwa miaka 15, atapata kama 4,000 kwa mwezi. Sharti ni mwili uweze kufanya kazi hadi umri huo. Kwa hiyo mjenzi wa miaka 50 aanze sasa kuhamia kazi nyepesi, pengine kuuza vifaa au kusimamia vijana, kabla mgongo haujamlazimisha. Asitegemee Inua Jamii: huanza mtu akifikisha miaka 70, nayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi.