Ukisimamishwa na Polisi Usiku Ukiwa na Runinga kwenye Boda
*Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wakazi*



Polisi si waajiriwa wa kaunti, ni wa serikali ya kitaifa. Lakini swali hili huletwa ofisini kwetu mara nyingi, kwa hivyo nitalijibu kwa mfano mmoja.

Chukulia kijana amenunua runinga kuukuu kwa jirani. Saa tatu usiku anaipakia kwenye boda. Polisi wawili wanawasimamisha: "Runinga hii ni ya nani?"

Wana ruhusa ya kuuliza? Ndiyo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinawaruhusu kusimamisha na kupekua mtu au chombo bila kibali cha korti, wakiwa na sababu ya kushuku kwamba mzigo umeibwa. Runinga isiyo na katoni, usiku, inaweza kuwa sababu. Kufuga rasta si sababu.

Mwendeshaji azime pikipiki, na mikono yao ionekane. Kijana aseme: "Afande, nimeinunua leo kwa jirani. Ujumbe wa malipo uko kwenye simu, naomba niitoe mfukoni." Ana haki ya kunyamaza, lakini hapa mimi ningeeleza. Chini ya kifungu cha 323 cha Kanuni ya Adhabu, aliyezuiliwa na kitu kinachoshukiwa hivyo, akishindwa kuiridhisha mahakama jinsi alivyokipata, ana hatia. Anayepaswa kuridhishwa ni mahakama, si afisa wa barabarani. Ndiyo maana ukinunua kitu kilichotumika, mwandikiane karatasi: jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji, bei, tarehe na sahihi.

Wakisema "twende", aulize kwa upole: "Afande, nimekamatwa? Kwa kosa gani?" Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aambiwe sababu upesi, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na wakili au jamaa. Afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata iwapo saa hizo zitaisha wakati korti imefungwa. Kituoni aombe runinga iandikwe kwenye kitabu cha matukio, kisha apewe nambari ya OB. Bila hiyo, kuidai baadaye ni taabu.

Abiria akiwa mwanamke, mwili wake hupekuliwa na mwanamke mwenzake tu, kwa staha.

Na wakipekua bila sababu yoyote? Usivutane nao. Sema, "Afande, sikubaliani na upekuzi huu, lakini sitakuzuia." Ukimsukuma, utajiongezea kosa ambalo hukuwa nalo. Shika nambari yake ya kazi, saa na mahali, kisha upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi. Nambari ya kazi ikifichwa, nakili ile ya gari lao.