Pale Hesabu ya Wiki Inapopita Kiwango



Katika nyanda za juu za Muleba upande wa Kagera, na za Kisii na Kericho nchini Kenya, malaria huja kwa msimu, aghalabu baada ya mvua za masika, na kwa kuwa miili ya watu wa huko haikupata mazoea ya kuistahimili, mwaka inapozidi desturi yake huwaangusha wakubwa kwa wadogo. Kipindupindu hakina shida ya hesabu, maana mgonjwa mmoja aliyethibitishwa, mahali ambapo maradhi hayo hayapo, yatosha kupigiwa mbiu. Lakini malaria ya msimu haijulikani kuwa imezidi mpaka ijulikane kwanza desturi yake ni ipi. Hapo ndipo panapozaliwa kiwango cha tahadhari, na hicho ndicho nilichokusudia kukieleza jioni hii.

Kila zahanati huhesabu wagonjwa wake kwa wiki, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, ikiwagawa kwa ugonjwa uliotambuliwa, na hesabu hizo huchorwa kuwa nguzo zilizosimama bega kwa bega, wiki baada ya wiki. Juu ya nguzo hupitishwa mstari wa tahadhari, ambao haukatwi sawa mwaka mzima bali hupanda na kushuka pamoja na msimu, kwa kuwa kila wiki hupimwa kwa wiki iyo hiyo ya miaka mitano iliyotangulia.

Natufanye mfano wa zahanati moja ya kubuni, wiki ya 20, yaani katikati ya mwezi wa Mei. Daftari za miaka mitano zatuonyesha wagonjwa 12, 15, 9, 41 na 17, na mwaka huu wamefika 26. Je, tupige mbiu? Mtu akifuata njia ya wastani, ataona kuwa wastani wa miaka hiyo ni 18.8, na akiongeza mara mbili ya mtawanyiko wa hesabu zenyewe, atapata kiwango kilicho juu kidogo ya 44. Basi 26 itampita kimya, naye atalala usingizi. Lakini tazameni kilichokiinua kiwango hicho: ni ile 41, mwaka wa mlipuko, ambao umeingizwa katika hesabu ya desturi ilhali wenyewe ulikuwa nje ya desturi. Mwaka huo ukiondolewa, wastani huwa 13.25, na kiwango huteremka hadi 20.25, nayo 26 yakipita waziwazi. Mlipuko wa zamani, usipotengwa, huufunika mlipuko mpya.

Iko njia nyingine, nami naiona yafaa zaidi kwa mganga aliye peke yake na kalamu yake: apange hesabu tano kuanzia ndogo hadi kubwa, achukue ya nne, ambayo hapa ni 17. Mwaka wa balaa hauwezi kuisogeza, hata ungekuwa na wagonjwa 400. Dosari yake ni kwamba huonya mara nyingi, hata mwaka ulio salama, na waonywao bure mara kwa mara huacha kusikia. Lakini kati ya kuonya bure na kunyamaza wakati wa hatari, mimi nachagua la kwanza bila kusita.

Zaidi ya hayo, mchoro huweza kudanganya pasipo kosa la hisabati. Katika mchoro wa wilaya, unaojumlisha vituo vingi, nguzo ya mwisho aghalabu huwa fupi kwa sababu tu taarifa za vituo vingine hazijawasili, na mwenye kuiona hudhani maradhi yanapungua. Wiki isiyoletewa taarifa haina haki ya kuandikwa sifuri, iachwe wazi. Na vipimo vya haraka vikiisha stoo, wagonjwa waliothibitishwa hupungua karatasini, hali homa vitandani ni zile zile.

Kwa hiyo mganga aliyeona 26 asikimbilie simu kabla ya kufungua daftari la maabara. Tuseme wiki iliyopita walipimwa 48, wakaonekana na malaria 15, ambao hawafiki theluthi. Wiki hii wamepimwa 60, wakaonekana 26, yaani zaidi ya watu wanne katika kila kumi. Kama sehemu hiyo ingebaki ile ile, ingewezekana kuwa ni watu wengi tu waliokuja kupimwa, labda kwa sababu zahanati ya jirani imefungwa. Lakini imepanda, kwa hiyo ongezeko ni la maradhi yenyewe. Basi na ampigie mganga wa wilaya siku iyo hiyo, na katika simu hiyo amtajie vijiji walikotoka wagonjwa, dozi za dawa ya mseto zilizosalia, na vipimo vilivyobaki, kwa kuwa akiba iliyopangwa kwa wagonjwa 17 haitawatosha watakaokuja wiki ya 21.